Saa ya goldi inachuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rangi ya dhahabu kwenye saa za fasheni, na kama kuichovya upya kunalipa

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila siku wakileta saa kwa fundi au wakituma picha na kuuliza "hii inatengenezeka?" Nazungumzia saa za fasheni tu, zile za betri zenye rangi ya goldi za kuvalia ofisini, harusini na kanisani, sio saa za dhahabu yenyewe. Kama una haraka anza na sehemu ya tatu, ila jibu lake linategemea kitu kimoja ambacho kiko sehemu ya kwanza, nacho ni chuma gani kiko chini ya hiyo rangi.

## Sehemu ya kwanza: hiyo rangi ni kitu gani

1. Saa yangu ina dhahabu ya kweli au ni rangi tu?

Mara nyingi dhahabu ya kweli ipo, ila ni kidogo sana. Saa za fasheni zinapata rangi yake kwa njia kama tatu. Ya kwanza ni kuchovya kwa umeme, yaani saa inawekwa kwenye maji yenye chumvi ya dhahabu halafu umeme unapitishwa na dhahabu inaenda kujishika juu ya chuma. Ya pili ni ile wanaiita PVD, au IP kwenye maelezo ya bidhaa, hapo saa inawekwa ndani ya chemba isiyo na hewa na chuma kinageuzwa mvuke kinatua juu ya saa. Ya tatu ni rangi ya kupuliza tu, vanishi yenye rangi ya dhahabu, na hiyo haina dhahabu hata chembe, utaikuta kwenye saa za bei ya chini kabisa na kwenye mikanda ya bati.

Kwenye PVD ndio watu wanachanganyikiwa. Koti la PVD la rangi ya dhahabu kwa kawaida ni titaniamu iliyoungana na naitrojeni, yaani naitraidi ya titaniamu, ambayo kwa asili yake ina rangi ya njano kama dhahabu lakini sio dhahabu. Viwanda vingi vinaweka hiyo kwanza, halafu juu yake wanapitisha utando mwembamba wa dhahabu ya kweli ili njano iwe na joto zaidi, maana ile naitraidi peke yake huwa imepauka kidogo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ina dhahabu ya kweli" inawezekana hadanganyi, ila swali la kumuuliza ni unene kiasi gani.

2. Unene wenyewe ni kiasi gani?

Unapimwa kwa mikroni, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Saa ya fasheni ya kuchovya mara nyingi haifiki hata nusu mikroni, nyingi ziko kwenye 0.1 au 0.2. Koti la PVD lenyewe huwa kati ya 0.3 na mikroni chache, na ule utando wa dhahabu juu yake ni kama 0.1.

Linganisha na saa za zamani, zile za Uswisi za miaka ya 1960 na 1970 ambazo babu alikuwa nazo, kwenye mgongo wake unakuta imechongwa 10 MICRONS au 20 MICRONS. Hiyo ni dhahabu mara 50 hadi 200 ya unayoipata kwenye saa ya fasheni ya leo, ndio maana saa ya babu ilivaliwa miaka ishirini na bado ina rangi, ya kwako ina mwaka mmoja na pembe zimeshakuwa nyeupe. Sio kwamba umeitunza vibaya.

3. Nitajuaje chini ya rangi kuna chuma gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Geuza saa usome mgongoni. Ikiandikwa STAINLESS STEEL BACK au ST. STEEL BACK maana yake mfuniko wa nyuma peke yake ndio stenlesi, bodi yenyewe ni kitu kingine, mara nyingi shaba ya njano au zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Wakati mwingine wanakwambia wazi kabisa, BASE METAL BEZEL, hiyo ni hivyo hivyo. Ikiandikwa ALL STAINLESS STEEL basi bodi nayo ni stenlesi. Neno hilo moja, ALL au BACK, linabadilisha majibu yote ya kule chini.

Kama maandishi yamefutika angalia pale palipochuja. Chini pakiwa peupe pa kung'aa, safi, hapana kutu, hiyo ni stenlesi. Pakiwa na rangi ya njano nyekundu kama sarafu ya zamani, na kuna ukijani kwenye kona, ni shaba. Pakiwa na kijivu kizito kisichong'aa na vitundu vitundu kama ngozi yenye chunusi, hiyo ni zinki. Jihadhari tu, shaba na zinki huwa zimepakwa nikeli kabla ya dhahabu, na nikeli nayo ni nyeupe, kwa hiyo mwanzoni saa ya shaba inaweza kukudanganya kwamba ni stenlesi. Subiri miezi michache, nikeli nayo ikilika njano ya shaba itatokea.

Sumaku haikusaidii hapa, watu wengi wanaijaribu. Shaba haishiki sumaku, zinki haishiki, na stenlesi ya saa nayo kwa kawaida haishiki au inashika kidogo sana.

4. Na zile saa za dijitali za goldi, zile za Casio za mraba, nazo ni chuma?

Ile A168WG inayopendwa sana bodi yake ni plastiki iliyopakwa rangi ya goldi, mkanda ndio stenlesi. Ndio maana utaona mkanda bado una njano nzuri wakati kwenye pembe za bodi rangi imekwisha na plastiki inaonekana. Ni saa nzuri na mashine yake inadumu sana, ila bodi hiyo usimpelekee sonara, sababu iko swali la 14.

## Sehemu ya pili: inachuja kwa haraka gani na kwa nini

5. Kwa kawaida inadumu muda gani?

Kwa mtu anayevaa kila siku, saa iliyochovywa kwa utando mwembamba itaanza kuonyesha pembeni ndani ya miezi michache hadi mwaka. Yenye PVD juu ya stenlesi inakupa miaka miwili mitatu kabla hujaona kitu cha kukuudhi, na ikiwa unaivaa Jumapili tu inaweza kukaa miaka mingi sana. Ile rangi ya kupuliza usiiwekee matumaini, msimu mmoja wa jua na jasho na inaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Mafundi wa zamani walikuwa wanakadiria mikroni moja kwa mwaka mmoja wa kuvaa. Ni makadirio tu, ila yanakusaidia kuelewa kwa nini 0.2 haifiki mbali.

6. Kwa nini inaanzia pembeni na kwenye mkanda, sio katikati?

Kwa sababu kinachoila ni msuguano kuliko kitu kingine chochote. Angalia saa yako, itakuwa imechuja kwenye zile pembe nne zinazoshika mkanda, kwenye kitufe cha kuzungushia mishale, na hasa chini ya mkono kwenye kifungo, pale panapogusa meza na kompyuta siku nzima. Halafu kati ya pingili na pingili, hapo vyuma vinasagana vyenyewe kila ukikunja mkono, na jasho na vumbi vikiingia katikati vinakuwa kama msasa.



7. Jasho langu ni kali, ndio tatizo?

Jasho haliyeyushi dhahabu, wala haliyeyushi ile naitraidi ya titaniamu. Lakini utando mwembamba una vitundu vidogo sana ambavyo macho hayaoni, na chumvi ya jasho inapenya humo inafika kwenye nikeli na shaba, huko chini ndio inakula. Unaanza kuona madoa meusi au ya kijani, kisha dhahabu ya juu inakosa pa kushikia na inabanduka yenyewe. Ndio sababu watu wa Mombasa, Dar, Unguja, au ndugu zetu walioko Muscat, wanalalamika zaidi, joto na hewa ya chumvi vinafanya kazi hiyo mwaka mzima.

Kwenye stenlesi hilo halitokei hivyo, kwa sababu chini hakuna cha kuliwa na chumvi kwa urahisi. Rangi itasagika lakini haitabanduka kwa kuoza.

8. PVD si wanasema ni ngumu kuliko chuma? Mbona yangu imechubuka?

Ni kweli ni ngumu. Stenlesi ya saa kwa kipimo cha ugumu cha Vickers iko kama 150 hadi 200, naitraidi ya titaniamu inafika kama 2000. Ukiikwaruza na sindano ya chuma sindano ndio inaumia. Shida ni kwamba koti gumu limelala juu ya chuma laini. Ukiigonga saa kwenye kona ya mlango stenlesi inabonyea, koti la juu haliwezi kubonyea nalo, linapasuka na kuruka kipande. Kwa hiyo ukiona alama yenye kingo kali na ndani yake ni nyeupe, tena kuna kibonyeo, hiyo ni PVD iliyogongwa. Ukiona rangi imefifia taratibu, njano, kisha njano hafifu, kisha nyeupe, hiyo ni kuchovya kulikosagika. Alama hizi mbili zinakusaidia kujua una aina gani hata bila karatasi ya dukani.

Kuna hali ya katikati ambayo inawatisha watu bure. Saa mpya ya PVD inaweza kubadilika kidogo miezi ya mwanzo, njano ya joto inapoa inakuwa njano ya ndimu. Huo ni ule utando wa dhahabu wa juu ndio umeondoka, chini koti lenyewe liko sawa na linaweza kukaa hivyo miaka. Usikimbilie kwa fundi.

9. Rozi goldi inachuja haraka kuliko ya njano?

Ikiwa ni ya kuchovya, rangi ya rozi inatokana na shaba nyekundu iliyochanganywa na dhahabu, na shaba inapata weusi ikikutana na jasho na hewa. Kwa hiyo kabla hata haijasagika inaweza kugeuka rangi, inakuwa kama kahawia. Kwa PVD tofauti ni ndogo.

10. Pafyumu, losheni na sanitaiza zinaharibu?

Kwa dhahabu na PVD spiriti ya sanitaiza haina neno. Ila saa nyingi za bei rahisi zina vanishi ya kung'arisha juu ya rangi, na hiyo spiriti inailainisha ikawa na ukungu au inanata. Losheni na mafuta ya mgando yenyewe hayali kitu, tatizo ni kwamba yanashika vumbi kati ya pingili na tumesharudi kwenye ule msasa wa swali la 6. Acha pafyumu na losheni zikauke ndio uvae saa.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, mswaki laini wa mtoto, na kufuta kwa kitambaa hadi ikauke, ila bodi usiizamishe kama huna uhakika haiingizi maji. Dawa ya meno, magadi, majivu na dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba weka mbali kabisa, vyote hivyo ni msasa wa unga na kwa utando wa 0.2 mikroni kusugua mara chache tu kunatosha kumaliza dhahabu. Nimeona saa zilizokuwa nzima kabisa zimekwisha kwa kusafishwa.

## Sehemu ya tatu: kuchovya upya

11. Kuchovya upya kunafanyikaje, ni kuipaka tu?

Hapana, na hapa ndipo unajua fundi anayejua na asiyejua. Kwanza saa inafunguliwa yote, mashine inatoka, kioo kinatoka, kitufe na mipira ya kuzuia maji inatoka, inabaki bodi tupu. Halafu rangi ya zamani inaondolewa, mikwaruzo inasuguliwa, kisha inasafishwa mafuta, kwa sababu hata alama ya kidole ikibaki dhahabu haitashika pale. Kinafuata kuzamisha kwenye asidi kidogo kuamsha uso wa chuma, kisha tabaka la nikeli, kisha ndio dhahabu, na kati ya kila hatua inasuuzwa.

Hatua ya nikeli ndio watu wanairuka ili kupunguza gharama. Kwenye shaba nikeli ni ukuta, bila hiyo shaba na dhahabu zinaingiliana polepole na rangi inafifia kutoka ndani hata kama hujavaa. Kwenye stenlesi ni lazima zaidi, kwa sababu stenlesi ina ngozi ya kromiamu ambayo haishiki kitu, inabidi upitishe kwanza kwenye maji maalumu ya nikeli yenye asidi ya haidrokloriki nyingi ambayo inavunja hiyo ngozi na kuweka nikeli papo hapo. Fundi akiweka dhahabu moja kwa moja juu ya stenlesi itang'aa vizuri siku unaichukua, baada ya wiki mbili inatoka kama ganda.

Kwa hiyo ukienda muulize maswali mawili tu: "utatoa mashine?" na "unaweka nikeli kwanza?" Akisema haina haja, chukua saa yako ondoka.

12. Inalipa au hailipi?

Kwa saa nyingi za fasheni hailipi. Twende na mfano kamili uone mwenyewe.

Tuseme una saa ya stenlesi ya kike, bodi na mkanda, uso wake wote ukiuhesabu ndani na nje unafika kama sentimita za mraba 80. Ukiichovya mikroni 0.2 dhahabu inayotumika ni kama gramu 0.03. Ukisema unataka mikroni 1, ni kama gramu 0.15. Ukitaka mikroni 5 ile inayoanza kufanana na saa za zamani, ni kama gramu 0.8. Sasa chukua bei ya gramu ya dhahabu ya leo kwa sonara wako upige hesabu. Utaona kwenye 0.2 dhahabu karibu ni bure, pesa yote unayolipa ni kazi ya mikono, kufungua, kusugua, kuchovya, kufunga. Na kazi ni ile ile iwe 0.2 au 5.

Maana yake ni nini. Ukilipa kuchovya kwa bei rahisi unapata tena ule ule utando uliokwisha, na pengine mwembamba zaidi, na mwaka ujao unarudi. Ukilipa kuchovya kwa unene wa maana, kazi pamoja na dhahabu, kirahisi inapita bei ya kununua saa nyingine kama hiyo mpya. Tuseme saa ulinunua shilingi 80,000 na fundi anataka 50,000 kwa kuchovya kwa kawaida, hiyo 50,000 imenunua mwaka mmoja wa rangi kwenye saa ambayo mashine yake, kioo chake na mkanda wake vyote vina umri ule ule. Mimi singeitoa.

13. Basi ni saa gani inafaa kuchovywa?

Ya kwanza ni saa ya zamani yenye bodi nene ya shaba nzuri na mashine ya maana, zile zenye 10 MICRONS au 20 MICRONS, au Seiko ya zamani iliyoandikwa SGP mgongoni. Bodi ina nyama ya kusuguliwa na mashine inastahili. Ya pili ni saa ya kumbukumbu, ya mama, ya marehemu baba, ya ndoa, hapo hesabu ya swali la 12 haihusiki, lipia unene wa mikroni 3 hadi 5 na uivae kwa siku maalumu. Ya tatu ni saa ya ngozi, yaani bodi peke yake ndio ya goldi na mkanda ni wa ngozi. Eneo ni dogo, hakuna pingili, kazi ni safi, na matokeo yanadumu zaidi kwa sababu bodi haisagani na kitu kama mkanda wa chuma.

Hata hizi ujue kona zitapoteza ukali kidogo kwa kusuguliwa, na maandishi yaliyochongwa kwa wepesi mgongoni yanaweza kufifia. Mwambie fundi mapema asiguse mgongo kama maandishi una haja nayo.

14. Ni saa gani isichovywe kabisa?

Bodi ya plastiki, kama kwenye swali la 4, kwa sababu plastiki haipitishi umeme na kuchovya ni kazi ya umeme. Bodi ya zinki iliyoshaanza vitundu, kwa sababu asidi inaingia kwenye vitundu inabaki humo na kuendelea kula chini ya dhahabu mpya, unapata malengelenge. Na saa ya PVD ambayo koti lake bado lipo sehemu kubwa, dhahabu ya kuchovya haishiki vizuri juu ya naitraidi, na kuitoa hiyo naitraidi kwa kusugua ni kazi ya kuua mashine ya kung'arishia, inatakiwa kemikali maalumu ambazo sonara wa mtaani kwa kawaida hana.

15. Mkanda peke yake ndio umechuja, nichovye mkanda tu?

Mkanda ndio sehemu ngumu kuliko zote japo watu wanadhani ndio rahisi. Maji ya dhahabu hayafiki vizuri ndani ya maungio, kwa hiyo nje inakuwa njano na ukikunja mkono mstari mweupe unaonekana kwenye kila pingili. Baya zaidi ni kemikali kubaki ndani ya maungio, saa unaichukua ni nzuri, baada ya siku kadhaa kinatoka kimaji cha kijani au cheupe kinachoma mkono na kuchafua rangi. Fundi mzuri anafungua pingili zote au anasuuza na kuchemsha kwenye maji safi mara kadhaa halafu anakausha kwa moto mdogo.

Tena rangi ya mkanda mpya haitafanana na bodi ya zamani. Kila maji ya dhahabu yana njano yake. Ikiwa bodi ni nzima na mkanda umekwisha, weka mkanda wa ngozi wa kahawia au mweusi, saa inarudi kuwa nzuri kwa gharama ndogo mara nyingi zaidi.

16. Kuna njia nyingine zaidi ya kuchovya au kutupa?

Ipo, na naipendekeza kwa kila mwenye saa ya ALL STAINLESS STEEL iliyochovywa: toa dhahabu yote. Fundi anaisugua bodi na mkanda hadi inakuwa nyeupe ya stenlesi, na hapo una saa ya silva ambayo haitachuja tena kwa sababu hakuna cha kuchuja. Kazi ni nyepesi kuliko kuchovya na ni mara moja. Mashine na kioo vitolewe au vifunikwe vizuri, na mashine ya kung'arishia isikae muda mrefu sehemu moja, maana inapasha joto na kula kona.

Ukifungua kioo angalia pia kama mishale na namba ndani ni za goldi. Bodi ya silva na mishale ya goldi inapendeza, watu wananunua hivyo dukani, ila ujue mapema usije kushangaa.

Kwa saa ya shaba njia hii haifai, ukitoa dhahabu na nikeli unabaki na shaba inayoacha kijani mkononi.

## Sehemu ya nne: mambo ya pembeni

17. Mkono wangu unawasha tangu rangi ilipotoka. Nifanye nini?

Acha kuivaa kwanza. Kuwasha, wekundu na vipele pale tu saa inapogusa mara nyingi ni mzio wa nikeli, ile tabaka la chini ya dhahabu sasa ndio linagusa ngozi na jasho. Mzio huu ukishaanza kwa kawaida hauondoki, utakusumbua na heleni na bizimu za mikanda pia. Kuchovya upya kunaficha nikeli kwa muda tu. Tafuta saa ya titaniamu au yenye mgongo wa stenlesi na mkanda wa ngozi au kitambaa, na vipele visipopoa nenda ukaonwe.

Kijani peke yake bila kuwasha ni chumvi ya shaba, inatoka kwa sabuni na haina madhara ya maana.

18. Nikipaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake?

Inasaidia kwa wiki chache mgongoni na kwenye kifungo, hasa kama ngozi inakusumbua. Usipake kwenye pingili zinazokunjwa wala karibu na kitufe, itanata na kuingia ndani. Ikianza kubanduka toa yote kwa kiondoa rangi ya kucha kwenye pamba, mbali na kioo kama ni cha plastiki, upake upya.

19. Naona wanauza vifaa vya kuchovya nyumbani onlaini, vinafaa?

Zile kalamu za kuchovya zinaweka utando mwembamba sana, zinafaa kwa kijidoa kwenye shaba iliyosafishwa vizuri na sio kwa saa nzima. Ninachotaka usome mara mbili ni hiki: maji mengi ya dhahabu yana sayanaidi. Yakikutana na asidi, hata ile asidi ya kusafishia chuma kabla ya kuchovya, yanatoa gesi inayoua. Jikoni sio mahali pake, hasa penye watoto. Kama hujafundishwa kazi hiyo mwachie aliyefundishwa.

20. Baada ya kuchovya saa yangu bado inazuia maji?

Chukulia haizuii hadi ipimwe. Kioo kimetolewa, mipira imetolewa, na tabaka jipya limebadilisha kidogo pale mfuniko unapokaa. Mwombe fundi aweke mipira mipya, na asiyekuwa na mashine ya kupimia shinikizo asikuhakikishie kitu. Ivue ukiosha vyombo.

21. Nataka kununua saa mpya ya goldi, niangalie nini ili nisirudi hapa?

Geuza mgongo utafute ALL STAINLESS STEEL, kisha uliza kama ni PVD au IP. Ukipata vyote viwili umemaliza sehemu kubwa. Chukua yenye uso wa mistari mistari badala ya unaong'aa kama kioo, mikwaruzo haionekani. Kama mkono wako unagusa meza siku nzima chukua ya mkanda wa ngozi. Na neno 18K kwenye tangazo la saa ya fasheni linaeleza mchanganyiko wa dhahabu iliyopakwa, halisemi chochote kuhusu unene, kwa hiyo uliza mikroni, na muuzaji asipojua jibu la mikroni ichukulie ni 0.1 na ulipe bei inayolingana na hiyo.